Mheshimiwa, Malori Hayajaleta Hesabu ya Tajiri

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ambayo mimi nina hisa 600

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Shikamoo. Kwa umri wangu ningeweza kukaa nikisubiri yako, lakini mwenye hisa 600 mbele ya mtu anayesaini hundi za mabilioni hana umri wa kujivunia. Naomba radhi kwa kuchukua dakika zako, ambazo najua kila moja ina gharama. Naomba radhi pia kwa kuandika hadharani. Barua nne za faragha nilizomkabidhi katibu muhtasi wako kwa mkono wangu mwenyewe bila shaka bado zinasubiri zamu, na mimi si mtu wa kuruka foleni.

Mheshimiwa, katika mkutano mkuu wa wanahisa uliopita ulimkabidhi kikombe Meneja wa Idara ya Malori, kwa kuwa idara yake ilileta faida ya shilingi bilioni 4.2 baada ya kodi. Kisha, kwa upole wako wa kawaida, ukamgeukia Meneja wa Uwakala wa Forodha, aliyeleta milioni 910, ukamshauri aige mfano wa mwenzake. Nilikuwa safu ya nyuma, soda mkononi. Nilipiga makofi. Ukumbi mzima ulipiga makofi, nami sikuona sababu ya mikono yangu kuwa na msimamo tofauti.

Tatizo lilinipata nyumbani. Nilikuwa mhasibu kabla ya kustaafu, na ugonjwa huo hauponi. Nilivaa miwani, nikafungua taarifa ya mwaka mliyotugawia, ile yenye picha yako nzuri jaladani, nikaenda moja kwa moja kwenye kurasa za nyuma ambako mali na madeni ya kila idara yameorodheshwa kwa herufi ndogo. Nilichokiona huko ndicho kinachonifanya nikusumbue.

Niruhusu nianzie mbali kidogo na ofisi yako, kwenye kituo cha daladala. Mwenye gari, ambaye dereva na konda humwita tajiri, hamuulizi dereva jioni kama siku ilikuwa nzuri. Anauliza, "Hesabu iko wapi?" Hesabu ni kiasi walichokubaliana ambacho lazima kifike mkononi mwake kila siku, gari likijaa au lisijae. Dereva akiweka mafuta, akamlipa konda, akatoa hesabu, kinachobaki ndicho chake. Akipata laki moja na nusu baada ya mafuta wakati hesabu ni laki moja na themanini, hawezi kurudi akitamba kwamba ameingiza laki na nusu. Hajafikisha hesabu, na kesho yake gari linaweza kuwa mikononi mwa mwingine.

Kinachoitwa vyuoni thamani ya kiuchumi iliyoongezwa, au kwa ufupi EVA, ndicho hicho anachobaki nacho dereva. Unachukua faida ya uendeshaji ya idara baada ya kodi, unatoa hesabu ya mtaji wote ulio mikononi mwa idara hiyo, unatazama kama kuna kilichobaki. Tofauti moja tu niiseme mapema ili wahasibu wako wasinicheke: hesabu ya daladala hubeba ndani yake uchakavu wa gari, wakati katika vitabu vyetu uchakavu umeshatolewa kabla faida haijaandikwa. Hesabu ninayoizungumzia ni ya matumizi ya mtaji peke yake.

Sasa twende kwenye malori, kwa idhini yako.

Faida ya uendeshaji ya idara, kabla ya riba na kodi, ilikuwa bilioni 6. Kodi ya makampuni ni asilimia 30, yaani bilioni 1.8, na ndipo ikabaki ile bilioni 4.2 ya kikombe. Hapo sijatoa riba ya benki, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Riba ni sehemu ya gharama ya mtaji, nayo itatolewa mbele. Anayeitoa hapa na kule atamwonea meneja mara mbili.

Mtaji alioushika meneja ni huu. Malori 120 yenye thamani vitabuni ya bilioni 21. Karakana na yadi bilioni 4. Vipuri na matairi stoo bilioni 2. Fedha tunazowadai wateja, hasa wale wa mizigo ya Lubumbashi, bilioni 9. Ukitoa bilioni 2 ambazo sisi nasi tunadaiwa na wauza mafuta, na ambazo hatuzilipii riba, unabaki na bilioni 34.

Bilioni 34, Mheshimiwa. Hazikuanguka kutoka mbinguni. Sehemu ni ya benki na sehemu ni yetu wanahisa, na ndani yake zimo zangu, ingawa ni chache kiasi cha kutosheleza tairi la akiba na labda pampu yake.

Bei ya fedha hizo nimeipata hivi. Kwa kila shilingi 100 kampuni inazotumia, 40 ni mikopo na 60 ni za wanahisa. Benki inatutoza asilimia 17, lakini riba hupunguza kodi, kwa hiyo mzigo halisi ni asilimia 11.9. Upande wa wanahisa ni mgumu zaidi kwa sababu sisi hatutumi ankara. Kwa kuwa hatutumi ankara, imezoeleka maofisini kudhani kwamba fedha zetu ni za bure, na hapo ndipo mabilioni hupotelea bila mtu yeyote kuiba. Mimi mwenyewe ningeweza kuikopesha Serikali. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95, isiyokatwa kodi, na mwenye nazo analala usingizi bila kuota breki zimekatika mlima Kitonga. Riba za hatifungani mpya zilishushwa baadaye, ndiyo maana nimeanzia chini, kwenye asilimia 13, nikaongeza 6 kwa ajili ya hatari ya biashara ya barabarani. Jumla 19. Changanya kwa uzito wake: 60 kwa 19 na 40 kwa 11.9, unapata 16 na chenji ndogo ambayo nakuachia kwa heshima.

Hesabu ya tajiri, basi, ni asilimia 16 ya bilioni 34, yaani bilioni 5.44. Idara imeleta 4.2. Pungufu ni bilioni 1.24.

Idara iliyopewa kikombe ilimaliza mwaka ikiwa imetupunguzia utajiri kwa zaidi ya bilioni moja, nasi tukapiga makofi.

Na yule aliyeshauriwa aige mfano? Uwakala wa Forodha unatumia mtaji wa bilioni 3 tu: ofisi, kompyuta, dhamana, na fedha wanazowatangulizia wateja ushuru bandarini. Hesabu yake kwa asilimia ileile ni milioni 480. Umeleta 910. Umebakiza milioni 430 juu ya hesabu. Sitaki kusema nani amwige nani. Hayo ni mamlaka yako.

Najua watakaonijibu kwa niaba yako wataishika ile asilimia 16. Watasema mzee huyu ameitoa wapi. Nao watakuwa na haki kiasi. Vitabu vinafundisha kupima hatari ya hisa kwa kutazama jinsi bei yake inavyocheza ikilinganishwa na soko zima, lakini katika Soko la Hisa la Dar es Salaam zipo hisa zinazokaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja, na bei isiyocheza haiwezi kupimwa inavyocheza. Ile 6 niliyoongeza ni makadirio ya mtu mzima, si kipimo cha maabara. Tena, kwa haki, uwakala na malori havina hatari sawa, na idara mbili zenye hatari tofauti hazistahili asilimia moja.

Lakini tuigeuze hoja. Badala ya kuuliza asilimia sahihi ni ngapi, tuulize ni asilimia ipi ingeyafanya malori yatoke sare. Gawanya 4.2 kwa 34: unapata 12.35. Kwa gharama yoyote ya mtaji iliyo juu ya hapo, malori yanapoteza. Mkopo wa benki peke yake, baada ya nafuu ya kodi, unagharimu 11.9. Ili malori yatoke sare, wanahisa tungepaswa kuridhika na asilimia 12.65 hivi kwa kubeba hatari zote za barabara ya Tunduma, chini hata ya ile 13 niliyoanzia kwa mkopeshaji wa Serikali anayelala usingizi. Uwakala, kwa upande wake, unatoka sare kwenye asilimia 30. Wataalamu wako wabishane kati ya 14 na 18 mpaka chai ipoe. Jibu kwa idara hizi mbili halibadiliki.

Usidhani, Mheshimiwa, kwamba nimebuni jambo hili kibarazani. Mwingereza Alfred Marshall aliandika mwaka 1890 kwamba faida ya kweli ya mwenye biashara ni ile inayobaki baada ya kutoa riba ya mtaji wake kwa kiwango cha wakati huo. Karibu karne moja baadaye washauri wa kampuni ya Stern Stewart ya New York waliipa hoja hiyo kongwe jina la EVA, wakalisajili kama alama ya biashara. Roberto Goizueta, Mkyuba aliyeiongoza Coca-Cola tangu 1981 hadi kifo chake 1997, alikuwa akitazama idara zake kwa jicho hilohilo. Kampuni yake ilikuwa imeingia kwenye mvinyo mwaka 1977. Mvinyo ulikuwa na faida, lakini unataka mashamba, mapipa na miaka ya kusubiri, wakati kuuza dawa ya soda kwa wenye viwanda vya kujaza chupa hakutaki mtaji wa namna hiyo. Mwaka 1983 biashara ya mvinyo ikauzwa kwa Seagram.

Sijaja kuomba uuze malori. Ningethubutuje? Ningependa tu, kama kalamu yako ina nafasi, utazame sehemu mbili za ile bilioni 34.

Ya kwanza ni zile bilioni 9 kwa wateja. Mapato ya idara kwa mwaka ni kama bilioni 36.5, yaani milioni 100 kwa siku. Bilioni 9 ni siku 90 za kazi iliyofanyika bila kulipwa. Mhasibu wa idara hasumbuki kuzifuatilia kwa sababu mauzo yameshaandikwa na faida imeshaonekana. Katika hesabu ya faida, mteja anayelipa kesho na anayelipa baada ya miezi mitatu ni sawa kabisa. Tukizishusha hadi siku 45, bilioni 4.5 zinarudi, na hesabu ya tajiri inapungua kwa milioni 720 kila mwaka.

Ya pili ni yale malori 20 yaliyoegeshwa kwenye yadi, ambayo kila mfanyakazi anayajua kwa namba na mengine yameota majani chini ya ekseli. Vitabuni kila moja lina milioni 175. Yakiuzwa kwa bei hiyo ni bilioni 3.5, na hesabu inapungua kwa milioni 560. Ukijumlisha 720 na 560 unapata bilioni 1.28, nasi tulipungukiwa 1.24. Bila kuongeza safari hata moja idara inavuka mstari, kwa milioni 40. Bila shaka sokoni yanaweza yasifikie milioni 175, na mtu atakuja na hoja kwamba tusiuze kwa hasara. Hasara hiyo ilishatokea siku yalipoegeshwa. Kuuza ni kuiandika tu.

Sasa naomba niwe mwaminifu hata dhidi ya kipimo changu mwenyewe, maana nimeona mameneja wajanja wakikitumia kama walivyotumia faida.

Ujanja mdogo ni wa Desemba. Meneja akijua mtaji wake utapimwa tarehe 31, atawabembeleza wateja walipe wiki ya mwisho, atachelewesha kupokea vipuri hadi Januari, na picha itakuwa safi kwa siku moja. Dawa yake ni nyepesi: tumia wastani wa miezi 12. Ikiwa wastani uko mbali sana na Desemba, umemwona.

Ujanja mkubwa hauhitaji hata nia mbaya. Chukua lori moja jipya la milioni 250, linaloishi miaka mitano kisha linauzwa chuma chakavu kwa bei isiyostahili kutajwa mbele yako. Uchakavu ni milioni 50 kwa mwaka. Tuseme kila mwaka linaleta faida ya milioni 20 baada ya uchakavu na kodi. Mwaka wa kwanza hesabu ya tajiri ni asilimia 16 ya milioni 250, yaani milioni 40, kwa hiyo lori limepungukiwa 20. Mwaka wa pili limebaki vitabuni na thamani ya 200, hesabu ni 32, pungufu 12. Wa tatu pungufu 4. Wa nne hesabu ni 16, na ghafla lori lina ziada ya 4. Wa tano limebaki na thamani ya 50, hesabu ni 8, ziada 12.

Hakuna kilichobadilika barabarani. Dereva ni yuleyule, mzigo ni uleule, injini tu ndiyo imechoka zaidi. Lakini kwenye karatasi lori limegeuka kutoka mzigo kuwa shujaa. Meneja anayelipwa bonasi kwa kipimo hiki atajifunza haraka kwamba njia rahisi ya kuipandisha EVA ni kutonunua lori jipya kamwe. Atapanda miaka mitatu mfululizo, atapewa kikombe cha pili, atahamia kampuni nyingine, na mrithi wake atakabidhiwa malori yanayokwama kila kona ya Kitonga.

Ukichukua zile tarakimu tano ukazirudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 16, unapata hasara ya karibu milioni 21. Na ukipima lori hilohilo kwa njia nyingine kabisa, kwa kutazama fedha taslimu zinazoingia, milioni 70 kila mwaka dhidi ya milioni 250 ulizolipa, unapata hasara ileile. Kipimo hakisemi uongo kwa maisha yote ya lori. Kinadanganya mwaka mmoja mmoja ukiutazama peke yake.

Dawa, cha kuchekesha, inaturudisha kituoni. Tajiri wa daladala hapunguzi hesabu kila mwaka kwa kuwa gari limechakaa vitabuni. Hutaka kiasi kilekile. Nasi tukilichukulia lori kama mkopo wa marejesho sawa kwa miaka mitano kwa asilimia 16, rejesho ni milioni 76.4 kwa mwaka, uchakavu na gharama ya mtaji vikiwa ndani. Lori linaingiza 70. Limepungukiwa milioni 6.4 mwaka wa kwanza, na kiasi hichohicho mwaka wa tano. Hapo meneja hana sababu ya kung'ang'ania magari makuukuu wala ya kuogopa mapya. Kama wahasibu wako wataona kazi hiyo ni nzito kwa malori 120, basi angalau waandike wastani wa umri wa malori pembeni ya EVA. EVA ikipanda na umri nao ukipanda, mtu asikimbilie kununua kikombe.

Washauri wa kigeni wanaweza kukuletea orodha ndefu ya marekebisho mengine. Stern Stewart wenyewe walikuwa na zaidi ya 160. Kwa maoni yangu, ambayo unaruhusiwa kuyapuuza kama ulivyoyapuuza mengine kwa hekima, marekebisho ambayo meneja wa karakana hawezi kuyaeleza kwa mafundi wake hayatabadilisha tabia ya mtu. Ningechukua hilo la malori, na moja zaidi: malori ya kukodi yahesabiwe kama mtaji. Tangu 2019 viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka mikataba ya kukodi iingizwe kwenye mizania, lakini ile ya miezi 12 au pungufu imesamehewa, na nimesikia fununu kwamba idara ina mikataba kadhaa ya miezi kumi na moja.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni dogo. Katika taarifa ya mwaka ujao, chini ya faida ya kila idara, naomba mstari mmoja wa mtaji iliyoutumia, mmoja wa hesabu ya tajiri, na mmoja wa kilichobaki. Mistari mitatu. Mkihitaji nafasi, nathubutu kunong'ona kwamba picha ya jaladani inaweza kupunguzwa kidogo upande wa mabega.

Kikombe kimeshachongwa jina, kwa hiyo siombi kirudi. Naomba tu fundi atakayechonga cha mwaka ujao aambiwe asubiri mpaka mhasibu amalize kutoa ile asilimia 16.

Nabaki mnyenyekevu wako,

Mwenye hisa 600, safu ya nyuma, karibu na mlango